Kuwadi Rufaa

Kijitabu chenyewe kilikuwa chembamba, cha elimu ya uraia, na kiliandikwa kwanza kwa ajili ya Tanzania. Kilieleza kazi za diwani, haki za mpiga kura, na hatua za kufuata mtu akinyimwa huduma ofisini. Shirika moja la Kenya likakipenda, likaomba kitengenezewe toleo la huko. Katiba ya 2010 ilikuwa imeleta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa 2013 watu walikuwa bado wanajifunza nani anafanya nini katika mfumo mpya. Kwa hiyo mkoa ukawa kaunti, wilaya ikawa kaunti ndogo, na kata ikawa wadi. (Kwamba kaunti si mkoa uliobadilishwa jina, bali ina serikali yake na bunge lake, hilo lilikuwa juu ya mwandishi. Sisi tulikuwa watu wa prufu.)

Mhariri aliusoma muswada wote vizuri ungali na maneno ya Tanzania. Jioni ya mwisho, kabla ya kuupeleka kwa mpanga kurasa, aliiamuru kompyuta itafute kata popote ilipo na kuweka wadi. Hakuibana itafute neno zima tu. Akafanya vivyo hivyo kwa mkoa, mikoa na wilaya, asubuhi akapitisha macho haraka, akatia sahihi. Kompyuta yake haikuwa na kamusi ya Kiswahili, na ilikuwa na tabia ya kupigia mstari mwekundu karibu kila neno, basi alikuwa ameshauzima ule mstari zamani.

Prufu zikafika kwetu. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ghala la kampuni moja ndogo ya uchapishaji, Dar es Salaam, na humo tulikuwa watatu: mimi niliyekuwa nimeajiriwa karibuni, kijana mmoja aliyegawanya siku zake kati yetu na mapokezi, na mstaafu mmoja aliyefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi. Huyo hatukumwita kwa jina. Alikuwa Mwalimu kwa kila mtu, hata kwa mkurugenzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Fungua ukurasa wa mwisho, mwanangu. Mstari wa mwisho. Neno la mwisho."

Nilidhani ananipima. Kumbe ndivyo alivyoanza kila kazi. Alinipa kipande cha kadi ngumu alichokitoboa kwa wembe, tundu lenye upana wa neno moja refu na kimo cha mstari mmoja. Unaiweka kadi juu ya karatasi, neno moja linaonekana, mengine yote yamefunikwa. Unalisoma silabi kwa silabi, unasogeza kadi kushoto, neno linalofuata linaingia. Ukifika mwanzo wa mstari unapanda ule wa juu yake, unaanzia tena kulia.

Nilichoka kabla ya nusu ukurasa. Kusoma kinyumenyume hakuna raha yoyote: hakuna habari, hakuna hoja, hakuna kinachokuvuta usonge mbele. Lakini hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mtu aliyezoea kusoma hasomi herufi. Kwa wasomaji wa Kiingereza, ambao ndio waliochunguzwa zaidi, imepimwa kwamba jicho hutua kwa takriban robo sekunde kisha huruka herufi 7 mpaka 9, na maneno mafupi mengi hayatuliwi kabisa; akili huyajaza kwa kukisia kutokana na maana. Kiswahili kina kishawishi chake cha ziada. Vitenzi vyetu ni virefu. Jicho linashika kichwa cha neno na mzizi wake, katikati linabuni lenyewe. Wananchi ikiandikwa wanachi, tunasoma wananchi. Yanayoendelea ikikosa e moja mwishoni, tunaisoma kamili. Walioandikishwa ikimeza silabi na kuwa walioandishwa, sentensi inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, maana msomaji ameshajua kuwa habari ni ya daftari la wapiga kura.

Ile wanachi ilikuwamo, kwenye aya ya pili ya utangulizi. Haikuletwa na kompyuta. Ilikuwapo tangu toleo la Tanzania, na ilikuwa imepita mbele ya mwandishi, mhariri na wasomaji wote waliokinunua kile kijitabu. Ndani ya tundu la kadi, ikiwa peke yake, haikuwa na pa kujificha.

Yakafuata madhara ya ile jioni. Mkataba ulikuwa umegeuka mwadiba. Takataka zilikuwa tawadika, na ukitafakari utaona jinsi ilivyokuwa: katikati ya takataka kuna kata kamili, herufi ya tatu hadi ya sita. Hukatazwi ilikuwa huwadizwi. Mwalimu alisogeza miwani, akaninyang'anya karatasi, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Haya ni ya kitoto," aliniambia. "Hata mtoto wa darasa la nne angeyaona. Sasa yatafute yale yaliyovaa nguo."

Alimaanisha makosa ambayo ni maneno halali. Hapo ndipo nilipoanza kuuona mpaka wa kusoma kinyumenyume, nao ni mpaka mkali. Njia hiyo hujibu swali moja tu: je, neno hili lipo? Haijui kama neno lina haki ya kukaa pale lilipo. Kwa kadi yangu nilikuwa nimepita juu ya aliwadia bila kusita, kwa kuwa wakati huwadia, na mgeni huwadia. Nilikuwa nimepita juu ya kuwadi pia. Kuwadi yumo kwenye kamusi, ingawa kazi yake si ya kusimulia mbele ya watoto. Nilivyoona neno moja moja, yote mawili yalikuwa Kiswahili safi.

Baada ya chakula cha mchana tukaanza kusoma kwa sauti.

Hapa kuna utaratibu ambao wengi hawaujui, na ambao ninaona vijana wa siku hizi wanaurahisisha. Kusoma kwa sauti kwa ajili ya prufu si kujisomea kwa mdomo unaonong'ona. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika muswada, mwingine anashika prufu na kalamu. Anayesoma hutamka kila kilichoandikwa, pamoja na alama: herufi kubwa, mkato, nukta, nuktapacha, fungua mabano, funga mabano, aya mpya. Ritifaa ya ng'ombe hutajwa, kwa sababu mtu anayelijua neno atalitamka sawasawa hata kama alama haikuchapwa. Tarakimu husomwa moja moja: 2013 ni mbili, sufuri, moja, tatu. Hakuna kusoma kwa lafudhi ya mtangazaji. Sauti bapa, mwendo wa taratibu, na pumziko mwishoni mwa kila mstari.

Nani asome kipi? Wachapaji wa zamani walimpa msomaji muswada, na msahihishaji akafuata kwenye prufu. Faida yake ni kwamba mstari uliorukwa hujulikana papo hapo. Mchapaji anaweza kuacha mstari mzima pale neno moja linapojirudia mwishoni mwa mistari miwili jirani: jicho lake linarudi kwenye lile la pili likidhani ni la kwanza. Kilichobaki kinaweza kuwa na maana nzuri kabisa, na mtu asiye na muswada mbele yake hatajua kamwe. Kwa kazi iliyochapwa upya kutoka karatasini, njia ni hiyo. Lakini kijitabu chetu hakikuchapwa upya. Kilitoka kwenye faili lilelile, na muswada ulikuwa na makosa yaleyale. Kwa hiyo Mwalimu aligeuza. Aliniamuru nisome prufu kwa sauti, yeye akafumba macho na kusikiliza, na yule kijana akafuata kwa kidole kwenye toleo la Tanzania ambalo kompyuta haikuligusa.

Nilifika ukurasa wa haki mbele ya sheria. Nikasoma kwa sauti yangu bapa: "Mwananchi asiyeridhika na uamuzi ana haki ya kuwadi rufaa, nukta."

Kijana aliweka kidole chini, akatazama dari. Mwalimu hakufumbua macho. "Mrudie," alisema, "nimfurahie tena."

Yapo mengine mawili matatu ya namna hiyo. Mwananchi alikuwa na haki ya "kuwadia kutoa rushwa" badala ya kukataa. Diwani mmoja katika mfano "aliwadia kusaini mwadiba." Nusu ya mwisho ya sentensi hiyo nilikuwa nimeikamata kwa kadi, nusu ya mwanzo ikanipita. Sikio liliikamata yote kwa mara moja.

Lakini vichekesho vilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mzigo mkubwa ulitokana na mkoa, na hapa sikio la Mswahili lina kipawa ambacho sidhani wahariri wa lugha nyingi wanacho. Mkoa ni wa ngeli ya m-mi. Kaunti imeingia kwenye ngeli ya i-zi. Kompyuta ilibadili nomino ikaacha mkia wote nyuma yake: kaunti huu una mipaka yake, kaunti wa Nakuru, kaunti yote arubaini na saba, gavana wa kaunti uliogatuliwa madaraka. Tazama maneno hayo moja moja kutoka mwisho kwenda mwanzo. Madaraka, sawa. Uliogatuliwa, sawa. Kaunti, sawa. Wa, sawa. Kadi ingeweza kupita juu yake mara kumi bila kuona kitu, kwa sababu upatanisho haumo ndani ya neno. Umo kati ya neno na neno. Ukisoma kimya kwenda mbele utayaona mengi, si yote. Nomino ikiwa mbali na kitenzi chake kwa maneno sita au saba, jicho limeshasahau ilikuwa ya ngeli gani. Mdomo hausahau. Ulimi uliokwisha kusema kaunti unatarajia i au z, na ukikuta u unajikwaa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kusikia neno ngeli maishani mwake. Nilikuwa najikwaa hata kabla sijajua nimejikwaa kwa nini, na Mwalimu alikuwa ananinyooshea kidole kila nilipositasita.

"Hapo. Umesita. Rudi."

Tangu hapo nimejifunza kuandika alama ndogo pembeni kila ninaposita, hata nisipoona kosa. Nikimaliza aya ndipo narudi kuchunguza. Mara nyingi kosa lipo. Mara chache ni sentensi ndefu tu iliyokosa mkato, na hilo nalo lina thamani yake kulijua.

Na kulikuwa na kaunti ndogo kubwa. Wilaya kubwa ilikuwa imegeuka hivyo, bila kosa lolote la sarufi wala la tahajia.

Ningeweza kuishia hapo na kusema sikio limeshinda. Halikushinda. Sikio lina upofu wake, na mbaya zaidi, upofu huo hutofautiana kutoka mtu hadi mtu. Maneno yaliyoungana haliyajui kabisa: kwasababu na kwa sababu zinasikika vilevile. Herufi kubwa zilizosahauliwa halizisikii isipokuwa msomaji azitaje. Halafu kuna jozi zile ambazo kinywa cha mtu mmoja kinazitenganisha na cha mwingine kinazichanganya. Zana za kufundishia na dhana za kufundishia ni vitu viwili, na kila kimoja kinaweza kukaa vizuri katika sentensi ileile. Samani za ofisi na thamani za ofisi, hali kadhalika. Anayesema z penye dh, au s penye th, atasoma kosa na msikilizaji wake atasikia usahihi. Ndiyo maana Mwalimu alipenda wasomaji wawili wasiotoka sehemu moja. Aliuliza mtu amezaliwa wapi kabla ya kumpa kiti, na baadhi ya wageni walikwazika.

Herufi inayotisha kuliko zote ni h. Nieleze kwa nini. Katika nafsi ya tatu, ukanushi wetu wa wakati ujao umebebwa na herufi hiyo peke yake. Ataruhusiwa, hataruhusiwa. Atalipwa, hatalipwa. Hakuna neno la pembeni la kuusaidia. Mwaka 1631 wachapaji wa mfalme wa Uingereza, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo katika amri inayokataza uzinzi neno la kukanusha lilikuwa limedondoka, na amri ikawa inawaagiza watu wazini. Walitozwa faini ya pauni 300, na nakala zikakusanywa ziharibiwe. Wao lilidondoka neno zima, lenye herufi tatu. Sisi inatosha herufi moja, na herufi yenyewe ni ile ambayo maelfu ya Waswahili wazuri hawaitamki, au huitamka pasipo pahala pake.

Kijitabu chetu kilikuwa na sentensi inayomhusu mpiga kura aliyefika kituoni bila kitambulisho alichojiandikishia. Kwenye toleo la zamani ilikuwa hataruhusiwa. Kwenye prufu ilikuwa ataruhusiwa. Hili halikutokana na ule ubadilishaji wa maneno. Inaonekana mtu alikuwa anarekebisha neno la jirani, kidole kikafuta herufi moja zaidi. Kwa kadi nilikuwa nimeliona neno ataruhusiwa, nalo ni neno zuri. Kwa sauti nililisoma kama lilivyo, na kijana akalifuata kwa kidole kwenye toleo la zamani, akaitikia kwa kichwa. Kwao h hudondoka. Masikio yake hayakusikia pengo, na macho yake yalifuata masikio. Mwalimu, aliyekuwa anasikiliza maana, aliipitisha pia, kwa sababu sentensi yenye ruhusa ina mantiki sawa na yenye katazo. Ukisoma sheria mbalimbali utakuta masharti ya aina zote mbili.

Ilikamatwa siku iliyofuata, kwa namna ya tatu, ambayo Mwalimu hakuwa ameipa jina. Alichukua penseli, akapita kurasa zote akitafuta kitu kimoja tu: makanusho. Kila ha- na hu- ya kukanusha, kila si, kila -si- iliyomo ndani ya kitenzi, kila bila, isipokuwa, wala na kamwe, aliizungushia duara. Hakusoma kitu kingine. Baada ya hapo akafanya upande wa pili, ambao ndio mgumu: akazungushia kila ata- na wata- zinazohusu haki au katazo, na kwa kila moja akaangalia toleo la zamani au sheria yenyewe. Kwa kijitabu chembamba kama kile kazi hiyo ilichukua asubuhi moja. Alipofika kwenye kitambulisho aliniita.

"Hii soma."

Nikasoma.

"Sasa wewe ni bibi yangu wa kijijini, umeacha kitambulisho nyumbani. Karatasi hii inakuambia nini?"

"Kwamba nitapiga kura."

"Utatembea kutoka huko mpaka kituoni, upange foleni, urudishwe." Akaiandika h pembeni, kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nafikiri kinachowapotosha wahariri wengi ni kuamini kwamba kusoma mara nyingi ni kusoma vizuri. Mhariri wetu, ambaye alikuwa mtu makini na simlaumu kwa mengi, alikuwa amesoma ile kazi mara kadhaa kwa njia ileile, akitoka mwanzo kwenda mwisho, kimya, akitafuta maana. Kusoma mara ya tatu kwa njia ya kwanza kunakuonyesha yale uliyoyaona mara ya kwanza. Tena kila mara unalifahamu andiko zaidi, na kadiri unavyolifahamu ndivyo unavyolisoma kutoka kichwani badala ya karatasini. Ndiyo maana mwandishi ni msomaji mbaya wa prufu yake mwenyewe, na akilazimika, afadhali abadilishe sura ya maandishi, achape kwenye karatasi kwa herufi kubwa zaidi ili mistari ikatike mahali pengine, kisha asome kwa sauti mbele ya mtu.

Jambo jingine lililotupita kwa njia zote mbili lilikuwa jina. Ukurasa mmoja ulilinganisha ukubwa wa maeneo ya utawala katika nchi jirani, na ndani ya jedwali kulikuwa na jina Wadivi. Mimi nilipita. Jina la mahali linaweza kuwa vyovyote, na Wadivi linasikika kama kabila au ukoo fulani. Kwa sauti lilitoka vizuri sana. Aliyelikamata ni mpanga kurasa, kwa bahati, kwa kuwa mke wake ni mtu wa Mpanda, na Mpanda iko Katavi. Nikajua siku ile kwamba majina hayasomwi, yanalinganishwa. Unayatoa yote kwenye orodha, unayaweka kando ya ramani au orodha rasmi, unaweka alama moja baada ya jingine. Tarakimu pia hutendewa hivyo, na kurasa zilizotajwa kwenye yaliyomo.

Kuhusu mpangilio wa hatua, niliwahi kutofautiana na Mwalimu na bado natofautiana naye. Yeye alianza na kadi, kwa hoja kwamba macho ya asubuhi yana nguvu na makosa ya herufi yakiondolewa mapema hayamkwazi anayesoma kwa sauti. Ni kweli. Lakini kusoma kwa sauti huzaa masahihisho mengi: kaunti huu ikawa kaunti hii, una ikawa ina, sentensi ikapinduliwa, aya ikasukumwa ukurasa wa pili. Kila sahihisho ni mlango wa kosa jipya, na kosa hilo linaingia baada ya kadi kuondoka mezani. Kwenye prufu ya pili ya kijitabu kilekile nilikuta kaunti hii hii, na mahali pengine ina ina. Neno lililorudiwa ni jepesi sana kwa kadi na gumu sana kwa jicho linalokwenda mbele, hasa neno la kwanza likiwa mwisho wa mstari na la pili mwanzo wa mstari unaofuata. Kwa hiyo mimi naanza na sauti, nasahihisha, nasoma tena kwa sauti aya nzima iliyoguswa pamoja na ile iliyotangulia na inayofuata, halafu ndipo nachukua kadi.

Wala siichukui kwa kitabu kizima. Ukurasa mmoja wa maneno 300 kwa njia hiyo, ukiusoma kweli silabi kwa silabi, unaweza kula robo saa, na baada ya kurasa chache akili inaanza kukisia hata neno lililo peke yake. Hakuna mchapishaji anayelipa muda wa kusoma kitabu cha kurasa 200 hivyo, na anayedai amefanya simwamini. Kwa matini ndefu napanda sentensi kwa sentensi badala ya neno kwa neno: naanza na sentensi ya mwisho ya aya, naisoma kawaida kutoka kushoto, kisha ile iliyoitangulia. Hoja inakatika, kwa hiyo akili haibebwi, lakini upatanisho wa ndani ya sentensi unabaki na unaonekana. Inachukua muda mfupi zaidi, na inakamata kiasi cha kutosha.

Neno kwa neno naiweka kwa yale maandishi ambayo kila mtu huyatazama na hakuna anayeyasoma: vichwa vya sura, maelezo chini ya picha, majina kwenye shukrani, jalada. Herufi zikiwa kubwa sana jicho halizichunguzi. Siku ile ya prufu ya mwisho tulilaza jalada la kijitabu mezani, kadi ikawa ndogo kwa herufi zake, Mwalimu akatumia viganja viwili kufunika yaliyobaki. Akaanzia chini kulia, kwenye jina la shirika, akapanda. Alipofika kwenye anwani ndogo iliyo chini ya kichwa, alinyanyua kiganja kimoja, akanionyesha: Mwongozo kwa Wanachi.

Mpanga kurasa alikuwa ameshafunga faili na kuvaa koti lake. Alilivua.